Kuvutwa Juu, Kwenda Pembeni

Mwaka 1899, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, Uingereza, mwanafizikia J. J. Thomson alichukua bamba dogo la zinki lililosuguliwa likang'aa, akaliweka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kisha akalimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule ambao macho ya binadamu hayauoni. Ilikwisha kujulikana kwamba zinki ikimulikwa hivyo hupoteza umeme hasi. Kilichokuwa hakijulikani ni kitu gani hasa kinachotoka na umeme huo. Huenda zilikuwa atomu nzima za zinki au za gesi zilizobeba chaji. Huenda pia zilikuwa zile chembe ndogo mno ambazo Thomson mwenyewe alikuwa amezitangaza miaka miwili kabla, chembe ambazo leo tunaziita elektroni.

Chembe hizo hazionekani, na mizani ya kuzipima haipo. Thomson alijua jambo moja tu la kumsaidia. Chembe yenye chaji ikiachiwa kutoka katika hali ya kutulia, mahali penye uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyokatana kwa pembe mraba, haiendi popote inapotaka. Inafuata mchirizi mmoja maalumu uitwao saikloidi, na mchirizi huo una kimo ambacho chembe haiwezi kukivuka. Ukikijua kimo, umeijua chembe. Nataka tuione njia hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu inapingana na kile ambacho akili hutarajia.

Tulilaze bamba la zinki mezani, na juu yake, kwa umbali wa sentimita 1, tuweke bamba la pili lililo sambamba nalo. Tuunganishe betri ya volti 100 ili bamba la chini liwe hasi na la juu liwe chanya. Katikati ya mabamba hayo sasa kuna uga wa umeme wenye nguvu sawa kila mahali, volti 10,000 kwa kila mita. Elektroni ikitoka kwenye zinki bila kasi yoyote, itavutwa juu moja kwa moja, ikiongeza mwendo hadi igonge bamba la pili. Hadi hapo hakuna ajabu yoyote.

Sasa tuwashe sumaku. Uga wake uwe umelala, ukielekea mbali nasi kama mshale unaozama ndani ya ukurasa huu, na nguvu yake iwe tesla 0.01, kiasi ambacho sumaku ndogo ya kawaida inaweza kukifikia ukiwa karibu nayo. Sumaku ina tabia mbili za kushika. Kwanza, haiigusi chembe iliyotulia. Husukuma ile inayotembea tu, na kadiri chembe inavyokwenda mbio ndivyo msukumo unavyozidi. Pili, msukumo huo daima huwa wa pembeni, kwa pembe mraba na mwelekeo wa safari. Sumaku hupinda njia ya chembe, lakini haiongezi wala haipunguzi kasi yake.

Elektroni inapoachiwa, basi, sumaku haipo kwake. Uga wa umeme peke yake ndio unaoivuta, nayo inaanza kupanda wima. Lakini mara tu inapopata mwendo, sumaku inaanza kuisukuma kulia. Inapanda huku ikipinda. Inapozidi kuelekea kulia, msukumo wa sumaku nao unageuka, kwa kuwa lazima ukae kwa pembe mraba na njia, na sehemu ya msukumo huo sasa inaikandamiza chembe kuelekea chini. Mvutano kati ya nguvu mbili unaanza: umeme unavuta juu kwa kiasi kisichobadilika, sumaku inakandamiza kwa kiasi kinachokua.

Katikati ya safari ya kupanda, nguvu hizo hulingana kabisa katika mwelekeo wa juu na chini. Elektroni haisimami hapo, kwa maana ina mwendo wa kupanda ilioupata tayari, nao unaipeleka mbele. Inapofika kileleni inakwenda kulia tu, haipandi tena, na kasi yake ya pembeni imekuwa kubwa kiasi kwamba sumaku inaikandamiza kwa nguvu mara mbili ya ile ya umeme. Toa moja kwa mbili, inabaki moja inayoelekea chini. Kwa hiyo kileleni elektroni inavutwa chini kwa nguvu ileile iliyoivuta juu ilipoanza safari. Inashuka, ikirudia kwa kinyume kila kilichotokea wakati wa kupanda, na inapofika kwenye kimo cha bamba la zinki inatulia kabisa, kwa nukta moja ya wakati.

Kwa nini itulie, wala isigonge zinki kwa kishindo? Jibu limo katika hesabu ya nishati. Sumaku haitoi nishati hata chembe, maana haisukumi kamwe kuelekea mbele wala nyuma. Nishati yote ya mwendo inatoka kwenye uga wa umeme, na kiasi chake kinategemea kitu kimoja tu: elektroni imepanda umbali gani kutoka kwenye zinki. Ikirudi kwenye kimo cha mwanzo, imerudisha nishati yote iliyokopeshwa. Haina kasi tena. Imetulia, ipo katika nyuga zilezile, na hali yake ni sawasawa na ile ya mwanzo, isipokuwa imesogea kulia. Basi inaanza upya. Inapanda, inapinda, inashuka, inatulia, tena na tena. Umeme unaivuta juu kwa bidii isiyokoma, na baada ya muda wote huo imekwenda pembeni tu.

Kimo cha kilele kinaweza kupatikana kwa hesabu fupi, na naipenda hesabu hii kwa kuwa haihitaji hisabati ya chuo kikuu. Kila milimita ambayo elektroni inapanda, inakata uga wa sumaku na kupewa nyongeza ileile ya kasi ya kulia. Kwa hiyo kasi ya pembeni ni kimo mara kiasi kisichobadilika, yaani chaji zidisha nguvu ya sumaku, gawanya kwa tungamo la chembe. Tukiandika h kwa kimo cha kilele, q kwa chaji, m kwa tungamo, E kwa uga wa umeme na B kwa uga wa sumaku, kasi ya kileleni ni v = qBh/m. Papo hapo, hesabu ya nishati inasema nusu ya m zidisha v kipeo cha pili ni sawa na qEh. Ukiweka la kwanza ndani ya la pili, unapata:

h = 2mE/(qB²)

Hiyo ndiyo dari. Sumaku ikiongezwa nguvu mara mbili, dari inashuka hadi robo. Umeme ukiongezwa mara mbili, dari inapanda mara mbili. Na chembe nzito zaidi hupanda juu zaidi, kwa sababu ni vigumu kuipinda njia yake.

Umbo la njia lenyewe linaonekana ukitazama gurudumu la baiskeli. Bandika alama nyeupe kwenye ukingo wa tairi, kisha mtu aipande baiskeli na kupita mbele yako kwa mwendo usiobadilika. Alama hiyo inazunguka duara ukiitazama kutoka kwenye fremu ya baiskeli, lakini wewe uliyesimama kando ya barabara unaiona ikichora matao yaliyopangana. Inapogusa barabara inatulia kwa nukta moja, kwa sababu tairi halitelezi, na inapokuwa juu kabisa inakwenda kasi mara mbili ya baiskeli. Matao hayo ndiyo saikloidi.

Mfano huu si wa mapambo tu. Ndani yake mna maelezo yenyewe. Mtu anayesafiri kulia kwa kasi ya E gawanya kwa B haoni uga wa umeme kabisa, kwa kuwa, machoni pake, mwendo wake kupitia sumaku unazaa uga mwingine wa umeme unaoufuta ule wa kwanza. Kwake imebaki sumaku peke yake. Na chembe ndani ya sumaku peke yake hufanya jambo moja: inazunguka duara. Elektroni iliyotulia kwetu, yeye anaiona ikirudi nyuma kwa kasi ya E/B, kwa hiyo ndiyo kasi ya mzunguko wake. Mzunguko na safari ya kulia vina kasi moja, na hilo ndilo sharti la gurudumu lisiloteleza. Fremu ya baiskeli inakwenda kwa kasi ya E/B, na gurudumu lina nusu kipenyo cha mE/(qB²), nusu kamili ya ile dari.

Turudi mezani na namba zetu. Volti 10,000 kwa mita ukizigawanya kwa tesla 0.01 unapata mita milioni 1 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa wastani wa elektroni kuelekea kulia. Nusu kipenyo cha gurudumu lake ni milimita 0.57, hivyo dari iko milimita 1.14 juu ya zinki. Bamba la pili liko milimita 10 juu, na elektroni haifiki hata karibu yake. Tao moja huchukua nanosekunde 3.6, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni, vipande vitatu na nusu hivi vya mgawanyo huo. Katika muda huo elektroni inasogea kulia milimita 3.6, ingawa urefu halisi wa njia yake iliyopinda ni milimita 4.6. Christopher Wren, yule msanifu wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, ndiye aliyeonyesha mwaka 1658 kwamba tao la saikloidi lina urefu wa vipenyo vinne kamili vya gurudumu lake. Alikuwa akishughulika na jiometri, karne mbili na zaidi kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ipo elektroni ya kuipita njia hiyo.

Sasa punguza nguvu ya sumaku polepole. Dari inapanda: milimita 2, 4, 7. Muda wote huo hakuna elektroni inayofika bamba la juu, na kipima umeme kilichounganishwa nalo hakionyeshi kitu. Sumaku inapofika tesla 0.0034 hivi, dari inafika milimita 10 na vilele vya matao vinaanza kugusa bamba. Ukishusha zaidi kidogo, mkondo wa umeme unapita kana kwamba sumaku haipo. Huo mpaka ndio ufunguo. Unajua umbali wa mabamba, unajua volti, unajua sumaku. Kitu pekee usichokijua katika kanuni ya dari ni uwiano wa chaji kwa tungamo. Ukiugeuza mlinganyo, uwiano huo ni mara mbili ya volti, gawanya kwa sumaku kipeo cha pili, kisha gawanya kwa umbali kipeo cha pili. Weka 100, 0.0034 na sentimita 1, utapata karibu kulombi bilioni 170 kwa kilo moja, na thamani inayokubalika leo ni bilioni 176.

Hiyo ndiyo njia ya Thomson. Chombo chake kilikuwa na bamba la zinki linalotazamana na wavu wa nyaya nyembamba sana, ili mwanga uweze kupita kwenye matundu na kuifikia zinki. Alilinganisha kasi ya umeme kuvuja kutoka kwenye zinki sumaku ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Mabamba yalipokuwa karibu mno, sumaku haikubadili chochote, maana kila chembe ilifika ng'ambo kabla ya kugeuzwa. Umbali ulipozidi kiasi fulani, kuwasha sumaku kulipunguza uvujaji kwa kiasi kikubwa. Njia yenyewe haikuonekana wakati wowote. Alichokipata ni kimo cha dari, kwa kutazama ni chembe zipi zilizoshindwa kuifikia nyaya.

Jibu alilopata lilikuwa chini ya nusu ya thamani tunayoijua leo. Kwa mtu aliyezoea vipimo vya sasa, hilo ni kosa kubwa sana. Lakini tufikirie alichokuwa akiuliza. Uwiano wa chaji kwa tungamo wa ioni ya hidrojeni, atomu nyepesi kuliko zote, ulikuwa umeshajulikana kutokana na kupitisha umeme kwenye vimiminika. Kama kilichotoka kwenye zinki kingekuwa atomu ya aina yoyote, uwiano wake ungekuwa sawa na huo wa hidrojeni au mdogo zaidi. Thomson aliukuta ukiwa mkubwa mara mamia kadhaa, na ukikaribiana na ule alioupata kwa miale ya kathodi. Katika pengo la ukubwa huo, kukosea nusu hakubadili hukumu. Mwaka huohuo, kwa njia ya mawingu madogo yanayojikusanya juu ya chembe zenye chaji, alipima chaji yenyewe na kuikuta sawa na ya ioni ya hidrojeni. Ikiwa chaji ni ileile na uwiano ni mkubwa hivyo, basi tungamo ni dogo: takriban sehemu moja kwa elfu moja ya atomu ya hidrojeni. Leo tunasema sehemu moja kwa 1,836. Chembe ndogo kuliko atomu ilikuwa imepimwa, na mizani yake ilikuwa saikloidi.

Mpaka aliouona haukuwa mkali kama karatasi inavyoahidi. Mkondo ulipungua taratibu badala ya kukatika ghafla, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa sababu kila anayerudia jaribio hili hukutana nazo. Ya kwanza ni gesi. Chombo kilikuwa na hewa iliyobaki kwa kiasi cha sehemu moja kwa 76,000 ya hewa ya kawaida, lakini hata hapo elektroni moja moja hugonga molekuli njiani. Ikigongwa katikati ya tao inasahau safari yake ya zamani na kuanza tao jipya kutoka pale ilipo, yaani juu ya zinki. Dari yake mpya nayo iko juu zaidi. Kwa kugongwa mara kadhaa, elektroni inaweza kukwea ngazi kwa ngazi hadi nyaya ambazo isingezifikia kamwe katika ombwe kamili.

Sababu ya pili ni kwamba elektroni hazitoki kwenye zinki zikiwa zimetulia kweli. Mwanga wa urujuanimno huzirusha na kasi kidogo, kila moja na yake, kila moja na mwelekeo wake. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chukua elektroni iliyorushwa na nishati ndogo ya elektronivolti 1, katika lile jaribio letu la volti 100 na dari ya milimita 10. Ikirushwa wima kwenda juu, dari yake inapanda kwa asilimia 1 tu, kitu cha kupuuzwa. Ikirushwa kwa ubavu, sambamba na bamba, mambo ni mengine kabisa. Ikielekea kulia, upande ambao matao yanakwenda, dari inashuka hadi milimita 8. Ikielekea kushoto, inapanda hadi milimita 12. Nishati ni ileile asilimia 1, lakini dari imehama kwa asilimia 20.

Gurudumu linatuambia kwa nini. Ukubwa wa duara unategemea kasi ya chembe machoni pa yule msafiri anayekwenda kulia. Chembe iliyorushwa kulia inakuwa imeanza kumfuata, hivyo yeye anaiona ikienda polepole, na duara lake ni dogo. Ile ya kushoto anaiona ikimkimbia kwa kasi zaidi, na duara lake ni kubwa. Ile iliyorushwa juu inaenda kwa pembe mraba na mwendo wake, na kasi mbili za pembe mraba zinapojumlishwa, ile ndogo huongeza kidogo mno. Njia za chembe hizi si saikloidi halisi tena. Zile za duara dogo huchora mawimbi laini ambayo hayatulii popote, na zile za duara kubwa huchora vitanzi vinavyojirudia nyuma. Ukiongeza kasi ya kulia hadi ifike E/B kamili, duara linatoweka na chembe inakwenda kwa mstari ulionyooka. Thomson alikuwa ameutumia usawa huo mwaka 1897, alipopitisha miale ya kathodi katikati ya umeme na sumaku zilizofutana, ili kujua kasi yake.

Ule mpaka uliompa Thomson uwiano wake ulikuja kufanywa chombo. Mwaka 1921 Albert Hull wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alielezea taa ya ombwe ambayo ndani yake waya wa katikati hutoa elektroni na silinda inayouzunguka huzipokea, huku koili ya nje ikitia sumaku. Sumaku ikivuka kiwango fulani, mkondo unakatika. Aliiita magnetroni. Kwa kuwa mabamba yamekunjwa kuwa silinda, uga wa umeme si sawa kila mahali tena na njia si saikloidi kamili, ingawa kisa ni kilekile cha dari inayoshuka. Jamaa wa karibu wa taa hiyo yumo ndani ya kila tanuri la maikrowevu la jikoni, akifanya kazi sumaku ikiwa imevuka mpaka, elektroni zikizungukazunguka katikati bila kwenda moja kwa moja kwenye silinda.

Lakini kuna upande mwingine wa saikloidi ambao kwangu ndio wa ajabu zaidi, nao ni mwendo wa kulia wenyewe. Ni E gawanya kwa B. Chaji haimo. Tungamo halimo. Rudi mezani, uachie protoni kutoka kwenye kimo cha bamba la juu, na tuseme nafasi ni kubwa kiasi cha kutosha. Protoni ni chanya, kwa hiyo inavutwa chini, kinyume cha elektroni. Sumaku nayo inasukuma chaji chanya kinyume na inavyosukuma hasi. Kinyume cha kinyume kinarudi palepale: protoni inayoshuka inapindwa kulia vilevile. Tao lake ni kubwa mno, kimo cha mita 2 na muda wa mikrosekunde 6.6, mara 1,836 ya elektroni. Hata hivyo baada ya sekunde yoyote utakayochagua, wastani wa safari zao ni mmoja, mita milioni 1 kwenda kulia. Chembe hizo mbili hazifanani kwa uzito wala kwa chaji, na zinasafiri pamoja.

Tunaliona hilo angani, juu ya vichwa vyetu. Ikweta ya sumaku ya dunia, pale ambapo uga wa sumaku umelala kabisa ukielekea kaskazini, barani Afrika haipiti Kenya bali inapita Ethiopia. Mchana, upepo wa anga za juu huzalisha huko uga dhaifu wa umeme unaoelekea mashariki. Mashariki na kaskazini hukatana kwa pembe mraba, na njia ya pembeni inayobaki kwa chembe ni kwenda juu. Kwenye kimo cha kilomita 300 na zaidi, sumaku ina tesla 0.00003 hivi, uga wa umeme wa volti 0.0006 kwa mita unatosha kuzipandisha elektroni na ioni za oksijeni kwa mita 20 kila sekunde. Kama zingeanza zikiwa zimetulia, tao la elektroni lingekuwa na kimo cha milimita 0.008 na la ioni ya oksijeni sentimita 22. Kwa kweli hazijatulia, kwa kuwa zina joto. Elektroni inazunguka vitanzi vya sentimita chache na ioni vitanzi vya mita chache, na vitanzi vyote vinapanda kwa kasi ileile ya mita 20.

Shuka hadi kilomita 100 hivi na kanuni inavunjika nusu. Hewa huko ni nzito zaidi. Elektroni, yenye mzunguko wa haraka, bado inamaliza duru nyingi kabla ya kugonga molekuli, kwa hiyo inasogea kama inavyopaswa. Ioni, ambayo inahitaji sehemu kadhaa za mia za sekunde kwa duru moja, inagongwa mara nyingi kabla ya kuimaliza, na safari yake ya pembeni haianzi. Elektroni zinakwenda, ioni zinabaki, na chaji hasi ikisogea huku chanya imesimama, huo ni mkondo wa umeme. Mkondo huo hutiririka kila mchana kando ya ikweta ya sumaku, na vipima sumaku vilivyoko Addis Ababa huuonyesha kwa uga wa sumaku unaopanda kuelekea adhuhuri.

Huko juu, ambako aina zote mbili zinapanda pamoja, hakuna mkondo unaozaliwa na mwendo huo. Ni gesi nzima yenye chaji inayonyanyuliwa. Ikifika juu, uzito na shinikizo huiteremsha kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia, nusu kaskazini na nusu kusini, hadi inarundikana kwenye kanda mbili zilizo umbali wa nyuzi 15 hivi kutoka ikweta ya sumaku. Kanda ya kusini iko juu ya Tanzania. Jua linapotua, mwendo wa kupanda mara nyingi huongezeka ghafla kwa muda mfupi, na gesi hiyo hupasuka kuwa mapovu yanayotikisa mawimbi ya redio ya setilaiti. Saa za jioni hadi usiku wa manane, katika miezi inayozunguka Machi na Septemba, ndizo ambazo vipokezi vya GPS vya wapima ardhi katika ukanda huu vina uwezekano mkubwa zaidi wa kupoteza ishara.